Laptopu ya coreboot na Heads inapokataa au kulalamika: dalili, visababishi na mahali pa kukomea

Mwongozo huu umetokana na laptopu zilizopita mezani pangu hapa Kisumu, nyingi zikiwa ThinkPad X230 za ex-UK zilizonunuliwa na mawakili, waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu kutoka Kakamega, Busia na Nakuru. Matatizo yanayoletwa ni yale yale machache, nami nimeyapanga kwa dalili, nikianza na kisababishi kinachotokea mara nyingi na kumalizia na kile kinachotokea kwa nadra.

Ili dalili zieleweke, ni lazima kwanza ijulikane nani anafanya kazi gani ndani ya mashine. Coreboot ni programu dhibiti ya chanzo huria inayochukua nafasi ya BIOS ya kiwandani. Ilianza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani ikiitwa LinuxBIOS, na mwaka 2008 ikapewa jina lake la sasa. Kazi yake ni kuamsha kumbukumbu na vifaa vya msingi, kisha inakabidhi mashine kwa programu nyingine. Katika laptopu ninazozizungumzia, programu hiyo ni Heads, yaani Linux ndogo inayokaa ndani ya chipu ya BIOS yenyewe, ambayo Trammell Hudson aliitambulisha mwishoni mwa mwaka 2016.

Heads ina walinzi wawili, na kila mmoja ana namna yake ya kulalamika. Wa kwanza hupima: kila hatua ya programu dhibiti hupimwa kabla ya kuendeshwa, vipimo vikaandikwa ndani ya chipu ya usalama iitwayo TPM, na TPM haitoi siri iliyofungiwa humo mpaka vipimo viwe vile vile vya siku siri ilipofungwa. Siri hiyo ndiyo inayozalisha msimbo wa tarakimu sita kwenye skrini, nawe huulinganisha na msimbo ulio kwenye simu yako. Mlinzi wa pili huthibitisha saini: faili zote zilizo katika `/boot` zimetiwa saini kwa ufunguo wako wa GPG ulio kwenye tokeni ya USB, kwa mfano Nitrokey, na Heads hukagua saini hiyo kabla ya kuwasha mfumo wa uendeshaji. Wa kwanza anakuambia kama programu dhibiti ni ile ile. Wa pili anakuambia kama kerneli na wenzake ni wale wale.

Kutokana na hayo ipo kanuni moja ambayo nawasihi wasomaji waishike kabla ya kugusa chochote. Usifunge siri upya wala usitie saini upya kabla hujajua kwa nini mlinzi alilalamika. Menyu za Heads hurahisisha kufanya yote mawili, na mtu mwenye haraka asubuhi ya kesi mahakamani atabonyeza tu ili kazi iendelee. Akifanya hivyo wakati mashine imechezewa kweli, atakuwa ameidhinisha kazi ya mchezaji kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo walinzi wote wawili watasema kila kitu kiko sawa.

Dalili: chipu haisomeki, au inasomeka tofauti kila mara

Hii hutokea siku ya kwanza, unapoiweka coreboot kwa klipu ya miguu minane na kifaa cha kuandikia chipu. X230 ina chipu mbili za BIOS zilizo chini ya sehemu ya kupumzishia viganja, zikifunikwa na karatasi nyeusi ya plastiki. Iliyo karibu na skrini ina megabaiti 4, na iliyo karibu nawe ina megabaiti 8.

Kisababishi cha kawaida kabisa ni klipu kukaa vibaya. Ing'oe, uangalie nukta inayoonyesha mguu wa kwanza wa chipu, kisha uirudishe kwa kuibana moja kwa moja kutoka juu bila kuiinamisha. Cha pili ni umeme uliobaki ndani ya laptopu: betri kubwa, chaja na betri ndogo ya saa zote ziwe zimechomolewa. Cha tatu ni nyaya ndefu kati ya klipu na kifaa, ambazo huharibu mawimbi hata klipu ikiwa imekaa sawa.

Soma kila chipu angalau mara mbili, ukiondoa na kurudisha klipu katikati, na ulinganishe alama za heshi:

```
sudo flashrom -p ch341a_spi -r juu1.bin
sudo flashrom -p ch341a_spi -r juu2.bin
sha256sum juu1.bin juu2.bin
```

Alama zikitofautiana hata kwa herufi moja, usiandike chochote. Zikilingana, bado fungua faili uangalie kwamba halijajaa `ff` au `00` tupu, kwa sababu klipu isiyogusa kitu inaweza kutoa utupu ule ule mara zote mbili. Ukishapata nakala safi za chipu zote mbili, zihifadhi mahali pawili, kwani ndizo zitakazoirudisha laptopu hai siku mambo yakiharibika. Kazi hii naifanya kwa laptopu nyingine iliyo na chaji ya kutosha na kamwe siitegemei tarakilishi ya mezani, kwa kuwa radi za jioni upande huu wa ziwa hukata umeme bila kubisha hodi.

Onyo moja ni la lazima. Vifaa vyeusi vya CH341A vinavyouzwa kwa bei nafuu hutuma volti 5 kwenye nyaya za data, ilhali chipu hizi ni za volti 3.3. Wengi wamevitumia bila hasara, lakini hilo halivifanyi kuwa salama, na mimi hutumia kile kilichorekebishwa kutoa volti 3.3 kwenye nyaya zote. Ukiona chipu inapata joto kidoleni, chomoa mara moja. Na ikiwa umejaribu mara kadhaa na chipu haijitambulishi, usikwaruze miguu yake kwa bisibisi. Mpelekee fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa moto aikague.

Dalili: umeandika, taa inawaka, feni inazunguka, skrini ni nyeusi

Tuanze na mambo ya kawaida. Ili kufikia chipu uliondoa kibodi na huenda uligusa nyaya nyingine, kwa hiyo rudisha kila kiunganishi mahali pake. Acha kipande kimoja tu cha kumbukumbu katika nafasi moja, kisha jaribu nafasi ya pili. Iache mashine dakika nzima kabla ya kukata tamaa, na uunganishe skrini ya nje. Sehemu kubwa ya laptopu "zilizokufa" nilizoletewa zilikuwa na kumbukumbu isiyoingia vizuri.

Hayo yasipofaa, kisababishi kinachofuata ni chipu kubadilishana vipande. Faili la Heads lina megabaiti 12 na linapaswa kugawanywa hivi:

```
dd if=heads.rom of=chini.bin bs=1M count=8
dd if=heads.rom of=juu.bin bs=1M skip=8
```

Kipande cha chini huenda kwenye chipu ya megabaiti 8, cha juu kwenye ile ya megabaiti 4. Wapo walioandika cha juu peke yake kwa sababu walisoma maelezo ya coreboot ya kawaida, ambayo kweli inaweza kuishi katika chipu ya megabaiti 4 tu. Heads iliyopanuliwa inazihitaji zote mbili. Soma tena chipu uliyoiandika na uilinganishe na kipande chako. Zikitofautiana, andika upya. Zikilingana na skrini bado ni nyeusi, rudisha nakala za kiwandani. Laptopu ikiwaka kwa nakala hizo, kosa liko kwenye faili la Heads ulilolichagua, labda ni la modeli nyingine. Isipowaka hata kwa nakala hizo, kosa liko kwenye bodi, na hapo ndipo pa kukomea na kumtafuta fundi wa bodi.

Dalili: laptopu hujizima yenyewe baada ya dakika 30

Chukua saa na upime. Ikizima kwa nyakati zisizolingana, huenda ni joto, na feni pamoja na mafuta ya kupitishia joto kwenye kichakataji ndivyo vya kukaguliwa kwanza. Lakini ikizima karibu na dakika ya 30 kila mara, kisababishi ni sehemu ya chipu yenye programu ya Management Engine, kichakataji kidogo cha Intel kilicho ndani ya mashine, kufutwa yote au kuharibika. Kichakataji hiki kinahitaji sehemu ndogo halali ya programu hiyo ibaki, la sivyo kinazima mashine. Dawa ni kutoa sehemu hiyo katika nakala yako ya kiwandani, kuipunguza kwa `me_cleaner` inayobakiza vipande vya lazima, na kuiandika upya. Asiyehifadhi nakala ya kiwandani hutambua thamani yake hapa.

Dalili: msimbo unaonekana, lakini haulingani na wa simu

Hili ndilo lalamiko ninalolipokea zaidi, na ndilo linalowatisha watu kuliko yote. Lieleweke vizuri: msimbo ukionekana, mara nyingi TPM imekubali vipimo na kuitoa siri. Msimbo huhesabiwa kutokana na siri na saa, na hubadilika kila sekunde 30. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni saa.

Nitasimulia kisa kimoja kwa urefu kwa kuwa kina karibu kila kitu. Wakili mmoja kutoka Kakamega alinipigia simu asubuhi akisema laptopu yake imeingiliwa. Misimbo haikulingana, na siku mbili kabla alikuwa ameiacha ofisini usiku. Nilimwomba mambo mawili: asiweke nenosiri la diski, na anisomee tarehe na saa ambazo Heads huonyesha karibu na msimbo. Simu yake ilisema saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Heads ilionyesha 09:20.

Kwa mtazamo wa haraka saa ilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye mtego. Heads huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya UTC, nayo Kenya iko saa tatu mbele. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi kwetu ni 06:20 kwa UTC. Saa ya ndani ilikuwa imetangulia kwa saa tatu kamili, na tofauti ya saa tatu kamili haiji kwa betri kuchoka. Kuna mtu au programu iliyoandika saa ya Kenya mahali pa UTC.

Kama ningemwambia awashe Linux arekebishe saa huko, angelazimika kuingiza nenosiri la diski kabla hatujajua kama programu dhibiti ni ya kuaminika. Kwa hiyo tulirekebisha ndani ya Heads, kwenye ganda la uokoaji linalofikiwa kupitia menyu ya chaguo, tukitazama saa ya simu:

```
date -u
date -u -s "2025-04-14 06:27:00"
hwclock -w -u
```

Baada ya kuingia ganda hilo ni lazima kuwasha upya, kwa sababu Heads huliandika tukio hilo katika TPM na siri za diski hazitatolewa mpaka mashine ianze tena. Alipowasha upya, msimbo ulilingana. Nikamwomba asubiri sekunde 30 aone wa pili, nao ukalingana.

Hilo ni ushahidi, wala si faraja tu. Asiye na siri hawezi kuzalisha misimbo miwili mfululizo inayokubaliana na simu ilhali saa ni sahihi, na siri hukaa ndani ya TPM na kwenye simu tu. Laiti misimbo ingeendelea kutofautiana baada ya saa kuwa sahihi, ningemwambia aizime na kuileta Kisumu kama ilivyo.

Kiini kilipatikana baada ya Linux kuwashwa. Amri ya `timedatectl` ilionyesha mstari `RTC in local TZ: yes`. Mpwa wake alikuwa ameona saa ya eneo-kazi iko nyuma kwa saa tatu, na badala ya kuchagua ukanda wa Nairobi, akaifanya saa ya ndani ifuate saa ya hapa. Kama tungeishia kwenye Heads, Linux ingerudisha kosa lile lile. Marekebisho yakawa haya:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-local-rtc 0
sudo hwclock --systohc --utc
```

Tofauti ya saa yenyewe husaidia kutambua kisababishi. Saa tatu kamili ni kosa la ukanda. Miaka kadhaa nyuma ni betri ndogo ya CR2032 kufa, jambo la kawaida kwa laptopu zilizokaa ghalani, na dawa ni betri mpya kabla ya kurekebisha saa. Dakika moja au mbili ni saa iliyopotoka polepole. Usisahau pia kuikagua simu, kwani aliyezima saa ya kiotomatiki na kuirekebisha kwa mkono anaweza kuwa ndiye mwenye kosa, na laptopu haina hatia.

Dalili: hakuna msimbo kabisa, Heads inasema haikuweza kufungua siri

Hapa TPM imekataa, na maana yake ni kwamba vipimo vimebadilika au TPM yenyewe imewekwa upya. Jiulize kwanza kama umeandika toleo jipya la Heads, umeongeza ufunguo wa GPG ndani yake, au umebadilisha mipangilio iliyohifadhiwa humo. Kila moja ya hayo hubadilisha vipimo kihalali, na kufunga siri upya mara baada ya kazi hiyo, mashine ikiwa bado mkononi mwako, ni sahihi. Ikiwa fundi aliigusa bodi, swali ni kama unamwamini fundi huyo.

Usipokuwa na maelezo ya aina hiyo, njia ya kujua ni kusoma chipu zote mbili kwa klipu na kulinganisha na nakala uliyoihifadhi. Ni muhimu nakala hiyo iwe imechukuliwa baada ya kuweka ufunguo wako, kwa sababu faili ulilolipakua halina ufunguo na halitalingana kamwe. Usilinganishe chipu nzima pia, kwa kuwa kuna eneo ambamo coreboot huhifadhi matokeo ya kupima kumbukumbu, na eneo hilo hubadilika kwa kawaida. Linganisha eneo lenye programu:

```
cat chini-sasa.bin juu-sasa.bin > sasa.rom
cbfstool sasa.rom read -r COREBOOT -f sasa.bin
cbfstool nakala.rom read -r COREBOOT -f nakala.bin
sha256sum sasa.bin nakala.bin
```

Zikilingana, programu ni yako na tatizo liko upande wa TPM, nawe unaweza kuiweka upya na kufunga siri mpya. Zisipolingana na hujabadilisha chochote, koma hapo. Usiandike juu yake. Faili la `sasa.rom` ni ushahidi, na anayestahili kuliona ni mtaalamu wa usalama wa tarakilishi, pamoja na wakili ikiwa wewe mwenyewe si wakili.

Dalili: Heads inasema faili za /boot zimebadilika

Mara tisa katika kumi, kwa makadirio yangu ya meza hii, umesasisha mfumo. Watu wengi hununua bando la usiku, wakaanzisha sasisho, wakalala. Asubuhi kerneli mpya iko katika `/boot` na mlinzi wa pili anafanya kazi yake. Wakati mwingine si kerneli bali `initrd`, yaani mfumo mdogo wa kuanzia, iliyojengwa upya na kifurushi kingine, na hilo halikumbukwi kirahisi. Kisababishi cha tatu ni faili kuharibika baada ya umeme kukatika au diski kuchoka. Kuchezewa ni cha mwisho, lakini ndicho kilichokufanya uweke Heads.

Katika ganda la uokoaji, baada ya kupandisha `/boot` kwa kusomwa tu, unaweza kuona ni faili zipi hasa:

```
mount -o ro /dev/sda1 /boot
cd /boot
sha256sum -c kexec_hashes.txt
```

Kama unakumbuka sasisho la jana na faili zilizotajwa ni kerneli, `initrd` na `grub.cfg`, tia saini uendelee. Kama hukumbuki, toa diski na uifungue kwenye tarakilishi nyingine unayoiamini, kisha usome `/var/log/apt/history.log`. Kumbukumbu hiyo iko ndani ya sehemu iliyosimbwa, hivyo asiye na nenosiri hawezi kuipaka rangi. Saa za sasisho zikikubaliana na saa za faili za `/boot`, una jibu.

Zisipokubaliana, kerneli inaweza kulinganishwa na ile iliyo katika kifurushi cha toleo hilo hilo ukikipakua upya kutoka kwa wasambazaji. Lakini `initrd` hujengwa ndani ya mashine yako, kwa hiyo hakuna nakala rasmi ya kulinganisha nayo, na ndiyo mahali ambapo mwizi wa nenosiri angependa kujificha, kwa kuwa ndiyo inayokuuliza nenosiri la diski. Katika hali hiyo chukua nakala ya `/boot` nzima kwanza, kisha kwa kutumia tarakilishi hiyo ya kuaminika ingia katika mfumo wako kwa `chroot`, usakinishe kerneli upya na ujenge `initrd` na `grub.cfg` upya. Ikiwa una sababu ya kweli kudhani mtu anakuandama, usifanye hata hilo. Mkabidhi mtaalamu diski kama ilivyo.

Tabia inayozuia sehemu kubwa ya haya ni kuzima masasisho ya kiotomatiki ya kerneli, kusasisha mwenyewe ukiwa umekaa, kuwasha upya papo hapo na kutia saini. Baada ya hapo, lalamiko lolote la `/boot` katikati ya wiki litakuwa na maana. Na uwe mwangalifu na namba ya siri ya tokeni: ukikosea mara tatu inajifunga, na ukikosea ile ya msimamizi mara tatu pia, utalazimika kuifuta tokeni yote na ufunguo wako pamoja nayo.

Dalili: hakuna lalamiko lolote, lakini laptopu ilikuwa mikononi mwa wengine

Naiweka hapa kwa sababu ukimya pia unahitaji kusomwa. Upimaji wa Heads kwenye X230 huanzia katika sehemu ya kwanza ya programu iliyo ndani ya chipu ile ile inayoandikika. Mtu mwenye klipu, maarifa na muda wa kutosha anaweza kuandika sehemu ya kwanza inayoipelekea TPM vipimo vya zamani vilivyo sahihi, na msimbo ukalingana. Si kazi rahisi, ila inawezekana, na ni haki mtumiaji ajue.

Laptopu mpya za Intel zina Boot Guard, ambayo huthibitisha sehemu hiyo ya kwanza kwa ufunguo uliochomwa ndani ya kichakataji au chipu zake kiwandani. Kizingiti hicho ni kigumu zaidi kwa mwenye klipu. Lakini ufunguo ni wa mtengenezaji, si wako, na ndiyo sababu laptopu nyingi mpya haziwezi kupokea coreboot. Njia ya vboot, iliyotokana na ChromeOS, hukaa katikati: sehemu isiyoandikika hushikilia ufunguo wako wa msingi na kuthibitisha sehemu mbili zinazosasishwa. Nguvu yake yote iko katika kuizuia chipu isiandikwe. Nimeona watu wakijenga coreboot yenye vboot bila kufunga uandishi huo, na katika hali hiyo yeyote mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kubadilisha ufunguo pamoja na programu. Kuna gharama nyingine za X230 ambazo hakuna usanidi utakaoziondoa: kidhibiti cha kibodi na betri bado kinaendesha programu iliyofungwa ya kiwandani, na Intel haitoi tena masasisho ya maikrokodi kwa kizazi hicho cha kichakataji.

Kwa hiyo laptopu ikichukuliwa mpakani au kituoni, au ikikaa usiku mahali usipopajua, angalia kwanza skrubu za chini. Mimi huzipaka rangi ya kucha yenye chembe za kumeta na kuzipiga picha, kwani mpangilio wa chembe hauwezi kurudiwa. Rangi ikiwa imevunjika, au kama hukuwahi kuipaka, soma chipu kwa klipu na ulinganishe eneo la programu kama nilivyoeleza juu, hata kama msimbo unalingana. Klipu husoma chipu moja kwa moja bila kumuuliza yeyote aliye ndani ya mashine. Na mpaka usomaji huo ukamilike, usiingize nenosiri la diski wala kuchomeka tokeni yako katika laptopu hiyo.